Funga ya Saa Nane

Ukimuuliza mama yake Specioza binti yake anafanya kazi gani, anavuta pumzi kwanza. "Anaharibu vitu vya kompyuta," anasema, "halafu wanampa mshahara." Majirani pale Kabungu wanaguna. Nchi hii ajira ni ngumu, lakini huyo kawazidi wote.

Mama hakudanganya sana. Spe alikuwa mjaribu mifumo. Yotham akiandika programu, Spe anaivunja, Yotham ananuna, anatengeneza, Spe anaivunja tena. Ofisi yao ilikuwa juu ya duka la vifaa vya shule pale Mpanda mjini, chumba kimoja, meza tatu, feni moja inayozunguka kama imeombwa. Kampuni iliitwa Zizi Digitali. Bosi wao, Salvator, ndiye aliyebuni hilo jina, na alikuwa anaongea muda wote kama tangazo la redio.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Umoja mmoja wa wafugaji ulitaka kujua boma lipi lina ugonjwa na lipi ni salama, maana homa ya mapafu ya ng'ombe ilikuwa imeanza kuzunguka tena. Kila kijiji kikapata mhudumu wa mifugo, akapewa simu yenye apu. Akiona ng'ombe wanakohoa, anabonyeza FUNGA. Daktari akija akipima akiridhika, anabonyeza FUNGUA kwenye simu yake. Wakichanjwa, idadi nayo inaandikwa humo. Meseji zinakwenda kwenye seva, zinapanga foleni, na vijiprogramu viwili, ambavyo Yotham aliviita "vibarua", vinachukua meseji moja moja na kuandika hali ya boma. Ukienda mnadani kununua ng'ombe, unatuma namba ya boma alikotoka, mfumo unakujibu: tiki ya kijani au alama nyekundu. Imeisha hiyo.

Spe alikuwa na sababu yake ya kuipenda kazi hii. Shangazi yake Nyanzala, wa Kasokola, ndiye aliyemsomesha chuo. Mjane, hana mtoto, ana ng'ombe. Kila semista ilipoanza, ng'ombe mmoja au wawili walitoka zizini wakaondoka. Spe alimaliza diploma, zizi likabaki na ng'ombe kumi na mmoja kutoka ishirini na kitu, na shangazi hakuwahi kumtajia hata kwa utani. Sasa alikuwa anataka kununua mitamba, zizi lirudi kama zamani.

"Usinunue bado," Spe alimwambia. "Subiri mfumo wetu uanze. Ukiona kijani, nunua. Nitaupima mwenyewe."

"Ng'wanone, mwanangu, mimi kompyuta siijui. Nakujua wewe."

Basi unaweza kuona kwa nini Spe aliupiga ule mfumo kama mwizi wa kuku.

Siku ya kwanza alituma meseji elfu moja za majaribio. Katikati akawa anaua kibarua mmoja bila taarifa, anamwasha, anamuua tena. Mwisho akahesabu zilizoandikwa. Mia tisa themanini na tisa.

"Yotham, kaka. Kumi na moja ziko wapi?"

"Zitakuwa njiani."

"Njiani kwenda wapi, Bukoba? Foleni ni tupu."

Yotham alikuwa kijana mwembamba, mzuri wa kazi, mbaya wa kukosolewa. Akavuta kiti. Walipokagua wakakuta kibarua akichukua meseji anaiambia foleni "nimepokea" hapo hapo, kabla hajaandika chochote. Foleni inaamini, inafuta. Sasa Spe akimuua kibarua kati ya kupokea na kuandika, meseji haipo kwenye foleni, haipo kwenye kitabu. Imeyeyuka.

"Aandike kwanza, ndio aseme amepokea," Spe akasema.

"Najua."

"Ungejua nisingekuwa nimesimama hapa."

Yotham akarekebisha. Elfu moja ziliingia, elfu moja zikaandikwa. Zaidi kidogo, kwa kweli: elfu moja na arobaini na sita. Maana sasa kibarua akiuawa baada ya kuandika lakini kabla ya kusema "nimepokea", foleni inadhani kazi haijafanyika, inaitoa meseji ile ile kwa mara ya pili. Boma moja la majaribio lilikuwa na ng'ombe arobaini, mfumo ukasema wamechanjwa themanini.

"Tumechanja na vivuli vyao," Spe akasema. Hata Yotham alicheka hapo.

Dawa yake ilikuwa kila meseji iwe na namba ya utambulisho. Kibarua akikuta namba ameshaiandika, anaipita. Yotham akaweka, akajigamba. Spe akachukua simu, akazima mtandao, akabonyeza TUMA mara tano kwa hasira, kama wanavyofanya watu wote wa huko mashambani mtandao ukisuasua. Akawasha mtandao. Zikaingia meseji tano, namba tano tofauti. Ile namba ilikuwa inazaliwa kidole kinapogusa TUMA.

"Izaliwe fomu inapofunguliwa," Spe akasema. "Fomu moja, namba moja, hata nikibonyeza mpaka kesho."

"Dada, wewe ulilelewa na nani?"

"Na ng'ombe. Endelea."

Ikabaki mpangilio. Vibarua ni wawili, wanafanya kazi sambamba. Mmoja akijikwaa, meseji yake inarudi foleni kujaribiwa upya, na iliyokuwa nyuma yake inaitangulia. Tena simu za vijijini zinakaa hata siku nzima bila mtandao, zikipata zinamwaga vyote kwa mkupuo. Kwa hiyo FUNGUA ya jana inaweza kufika baada ya FUNGA ya leo, ikafungua boma la wagonjwa. Spe aliisababisha hiyo mara sita kwa asubuhi moja.

Yotham akakaa na hilo siku mbili. Siku ya tatu akaja na jibu, safi, la mistari michache: apu inaandika saa ya simu wakati mtu anajaza fomu. Seva ikipokea meseji yenye saa ya nyuma kuliko ya mwisho iliyoandikwa kwa boma hilo, ujue imechelewa njiani. Itupe.

Spe aliliangalia lile jibu kama mama mkwe anavyomwangalia mchumba, akakosa kasoro. Akaandika jaribio lenyewe: meseji ya zamani ikija baada ya mpya, lazima itupwe. Akatengeneza simu mia moja za bandia ndani ya laptopu yake, zikapelekeana FUNGA na FUNGUA ovyo ovyo, mbele nyuma, mara mbili mbili, huku vibarua wakiuawa. Mistari yote kijani. Akarudia mara hamsini. Kijani.

Simu mia moja, zote ndani ya laptopu moja. Zote zinasoma saa hiyo hiyo ya laptopu. Hilo hakuna aliyeliona, na wewe usijifanye ungeliona.

Salvator aliagiza soda. "Timu! Sifuri iliyopotea, sifuri iliyorudiwa, sifuri iliyovurugika!" Spe akapiga picha skrini yake, akaiweka kwenye stetasi na vikatuni vya ng'ombe wanaocheza. Halafu akampigia shangazi.

"Shangazi, mnada wa Alhamisi nenda. Ukiona kijani, beba."

Wiki tatu mfumo ulitembea kama maji, shangazi akiwa bado anachagua mitamba.

Upande wa Litapunga mhudumu wa mifugo alikuwa Methusela, mzee wa miaka sitini na kitu, aliyekuja kutoka Shinyanga na ng'ombe wa baba yake zamani sana. Kwa kusikiliza kifua cha ng'ombe, madaktari walikuwa wanamheshimu. Kwa simu alikuwa mwanafunzi mzuri: hakukosa hata siku moja kutuma taarifa. Kwenye mafunzo Spe alimtania kwamba anashika simu kama ameshika yai, naye akajibu, "Yai likivunjika kuku anataga jingine. Hii nikiivunja nani atataga?"

Jumatano, mida ya saa nne kasoro asubuhi, Daktari Leodgar alipita kwenye boma la mfugaji mmoja aitwaye Shadrack. Lilikuwa limefungwa tangu wiki iliyopita kwa wasiwasi tu. Akapima aliowakuta, akaona wazima, akabonyeza FUNGUA, akaondoka na pikipiki yake kwenda kijiji kingine. Wengine walikuwa malishoni. Mchana waliporudi kunywa maji, Methusela akapita, akasimama pembeni ya birika. Fahali mmoja alikuwa amenyoosha shingo, viwiko vya mbele vimetanuka, anahema kwa kuguna. Mzee hakuhitaji kipimo. Ilikuwa saa nane na dakika saba. Akabonyeza FUNGA. Apu ikamwambia imetumwa. Akamwambia Shadrack pia kwa mdomo.

Alhamisi saa sita mchana simu ya Spe ikaita.

"Binti," Methusela akasema bila salamu, na hapo tu Spe alijua kuna jambo. "Jana si nimefunga boma la Shadrack? Mbona ng'ombe wake wanane wameenda mnadani?"

"Umefunga kwenye apu, mzee wangu?"

"Kwenye apu na kwenye masikio yake. Ananiambia simu inasema wazi, wewe mdomo wako unasema limefungwa, nimwamini nani? Na wanunuzi wanapata kijani. Nipo hapa mnadani, wameshauzwa. Wote."

Spe alifungua kumbukumbu za seva. Meseji ilikuwepo. Haikupotea, haikujirudia. Ilifika sekunde tatu tu baada ya mzee kubonyeza, ikapanga foleni, kibarua akaichukua, na pembeni yake yakaandikwa maneno mawili: YA ZAMANI, IMETUPWA.

"Yotham. Njoo uone."

Seva iliipokea saa kumi na nne na dakika saba, kwa saa za kompyuta. Saa ya simu: 08:07. Na FUNGUA ya daktari ilikuwa 09:40. Kwa akili ya seva, mzee alifunga asubuhi, daktari akaja baadaye akafungua, na FUNGA ikachelewa njiani.

"Simu yake ni mbovu," Yotham akasema. "Imerudi nyuma saa sita kamili."

Spe akasogelea skrini. Alikuwa anaangalia zile sita. Akachukua simu. "Mzee wangu, sasa hivi simu yako inasomaje saa?"

"Saa sita na ishirini na mbili."

"Imeandikwa kumi na mbili au sita?"

"Sita, binti. Si nimekwambia saa sita? Mlivyonipa ilikuwa imeandika mambo yake, nikaiweka sawa. Mchana saa nane yenyewe inasema mbili, au kumi na nne. Nani ana saa kumi na nne?"

Yotham akaweka mikono kichwani.

Wiki tatu zote mzee alikuwa anatuma meseji zenye saa sita za nyuma, na hakuna aliyejua, maana maboma yake alikuwa anayaandika peke yake. Zake zote zilikuwa zimechelewa sawasawa, zikapangana vizuri zenyewe kwa zenyewe. Ilibidi simu ya mtu mwingine iseme neno kuhusu boma lile lile, siku ile ile. Spe akavuta orodha ya simu zote. Wahudumu thelathini na mmoja. Tisa walikuwa wamerudi nyuma saa sita.

Akampigia shangazi. Ikaita mara mbili.

"Ng'wanone! Nilikuwa nataka nikupigie. Nimepata mitamba miwili, weupe weupe, utawapenda."

"Shangazi, wanatoka boma la nani?"

"La huyo Shadrack wa Litapunga. Nimetuma namba kama ulivyonifundisha, kijani hiyo! Hata mara mbili nimetuma, nikahakikisha."

Nyuma ya sauti yake Spe alisikia ng'ombe, na maji yanamiminwa.

"Uko wapi, shangazi?"

"Nyumbani. Nimekodi kigari cha mizigo, kirikuu, tumefika saa tano. Wanakunywa na wenzao."

Wengine sita walikuwa wameshagawanyika kwa watu watatu. Methusela alizunguka mnada mzima kuwatafuta. Mmoja akamwambia atawatenga, wawili wakamwonyesha kijani kwenye simu zao na kumwambia apunguze wivu wa kizee.

Spe alifika Kasokola kwa bodaboda, vumbi mpaka kwenye kope. Wale mitamba walikuwa wazuri kweli. Nyanzala aliwatoa, akawafunga nyuma ya nyumba peke yao, bila kuuliza sana. Daktari Leodgar alikuja jioni ile ile, akaangalia birika moja, zizi moja, akahesabu masaa.

"Tuwatenge," akasema, "na tusubiri. Huu ugonjwa hauna haraka. Wiki tatu, mwezi, zaidi."

Kuna kitu kimoja alichoweza Spe, akakifanya. Ijumaa nzima na Jumamosi walikaa yeye na Yotham, bila utani hata mmoja, wakalifumua lile jibu safi. Saa ya simu isiamue tena nani kashinda. FUNGA ikifika, boma linafungwa, iwe na saa yoyote. Na FUNGUA lazima itaje namba ya FUNGA inayoifungua. Kama daktari hajawahi kuiona hiyo FUNGA, hawezi kuifuta kwa bahati mbaya. Meseji yoyote yenye utata isitupwe kimya kimya, iwekwe pembeni kwenye foleni yake, mtu aisome. Safari hii Spe akazipa zile simu mia za bandia saa za kila aina: nyingine nyuma sita, nyingine mbele sita, nyingine mwaka jana. Kisha akazipitisha upya meseji zote za wiki tatu, kwa mpangilio zilivyofika. Boma la Shadrack likageuka jekundu, Jumatano saa nane na dakika saba, mahali pake kabisa. Siku tatu nyuma.

Jumatatu Salvator aliitisha kikao. Alikuwa ameshaandika ripoti kwa umoja wa wafugaji. Sababu: kosa la mtumiaji. Hatua: Methusela arudishe simu.

"Bosi, kosa lipi?" Spe akasema. "Mimi nikikwambia tukutane saa nane utakuja mchana au asubuhi?"

"Mchana, lakini..."

"Hiyo ndio saa yetu. Yake ndio iliyokuwa sahihi. Mimi ndio niliandika jaribio linalosema itupwe. Andika jina langu hapo."

"Spe, tuelewane. Mfumo ulifanya ulichoagizwa. Majaribio yalipita yote. Ni suala la mafunzo tu." Akafunga laptopu. "Na usipost chochote."

Hakuna alichopost. Methusela alirudisha simu Jumanne, ameifungia kwenye kitambaa, haina hata mkwaruzo. Spe alitaka kumwomba msamaha, mzee akamkatisha. "Yule fahali wa Shadrack amekufa," akasema. "Nilikuwa sahihi." Halafu akashuka ngazi akishika ukuta.

Wiki ya kwanza shangazi alikuwa anapiga kila jioni: wanakula vizuri. Wiki ya pili: wanakula vizuri. Spe akaanza kujidanganya kidogo. Wiki ya tatu mtamba mmoja akakohoa, kikohozi kikavu, asubuhi tu. Ya nne, jike kubwa la maziwa, ambaye hakuwahi hata kufungwa na mitamba nyuma ya nyumba, ila alikunywa nao birika moja siku ile. Ya tano, wa zizini wakawa wanne. Daktari alichukua damu, akarudi na karatasi, akazungumza na Nyanzala kwa sauti ya chini upande wa pili wa ua. Wale wanne na mitamba wote wawili wachinjwe. Waliobaki saba wasitoke, wasiuzwe, wasipandishwe, na hawezi kumwahidi kwamba watabaki saba.

Spe alikuja Jumapili. Alikuta shangazi ameketi kwenye kigoda anachambua mboga, zizi limenyamaza. Alikuwa ameandaa maneno tangu Mpanda. Akaanza.

"Shangazi, ule mfumo..."

"Daktari kaniambia boma langu nalo liandikwe," Nyanzala akasema. "Lifungwe kwenye simu, watu wasije kununua. Mhudumu wa huku kasafiri. Wewe unaweza?"

"Naweza."

"Basi andika."

Spe alitoa simu. Akafungua fomu, akajaza jina la mwenye boma, kijiji, idadi: saba. Kidole kikakaa juu ya FUNGA. Akabonyeza mara moja. Jibu lilirudi kabla hajaishusha simu.

"Inasemaje?"

"Inasema limefungwa."

"Imefika?"

"Imefika, shangazi."

Nyanzala akaitikia kwa kichwa. Akakusanya vikonyo vya mboga kwenye ungo, akainuka, akaenda navyo zizini. Alipofika getini kikohozi kikasikika tena, kutoka kona ya wale saba. Akasimama pale na ungo mkononi, akisikiliza ni yupi.